Kliniki za bei nafuu Dodoma: safu ya Ondoa ndiyo inayolipia safu ya Anzisha

> "Wakuu, tuna vituo vitatu vya binafsi Dodoma mjini: Nkuhungu, Kizota na Nzuguni. Tumechora mchoro wa mkakati, wenye mstari wa kila mshindani unaopanda na kushuka kwa kila kigezo, na kujaza safu nne za mambo ya kubadilisha: ondoa, punguza, ongeza, anzisha. Mstari wetu umefanana na wa hospitali kubwa, ila uko chini yake. Tunakosea wapi?"

Mkuu, mstari wa namna hiyo unamwambia mgonjwa kwamba ninyi ni hospitali pungufu. Kabla hamjajaza safu yoyote, ongezeni mstari wa tatu kwenye mchoro: duka la dawa. Mtu wa Nkuhungu akiumwa kichwa hachagui kati yenu na Benjamin Mkapa, ambako wanapandikiza figo. Anachagua kati yenu na duka la jirani, ambako hakuna foleni na anajua bei kabla hajatoa pesa. Waulizeni wateja wa duka hilo kwa nini hawakuja kwenu. Wengi hawataitaja ada ya kumuona daktari, watataja hofu ya kutojua jumla itafika ngapi wakishaingia.

Kwa hiyo "bei" iandikeni kama vigezo viwili: gharama yenyewe, na kuijua mapema. Kwenye hicho cha pili hospitali ziko chini sana na duka liko juu. Hapo ndipo mstari wenu upande.

Sasa hesabu, kwa mfano wa kituo kimoja. Tuseme vitanda vya kulaza vinakula 1,800,000 kwa mwezi: wauguzi wa zamu ya usiku, mlinzi, ufuaji, umeme. Mkiviondoa, mnaweza kuanzisha ufuatiliaji wa wagonjwa wa presha na kisukari: muuguzi mmoja 600,000, bodaboda wa sampuli 350,000, simu 100,000. Jumla 1,050,000, zinabaki 750,000. Mkiona wagonjwa 40 kwa siku, siku 26, ni wagonjwa 1,040, hivyo mnaweza kushusha ada kwa kama shilingi 700 tu. Wengi hapo wanatangaza punguzo la 2,000, ambalo linahitaji 2,080,000 kila mwezi, na pengo hilo huzibwa kwa kumwandikia mgonjwa dawa asizohitaji. Dalili yake ni idadi ya dawa kwa kila cheti kuanza kupanda baada ya punguzo. Afadhali ada ibaki pale pale, mbandike ukutani bei ya kifurushi: kuonwa, kipimo cha sukari, presha, na dawa za siku 30.

Kifurushi hicho ni cha wanaolipa taslimu. Kwa wagonjwa wa NHIF mnaudai mfuko wenyewe huduma moja moja kwa bei za mkataba, na malipo yake hayaji siku hiyo hiyo, kwa hiyo pesa ya kununulia dawa isiyategemee.

Safu ya Punguza inahitaji uangalifu zaidi, hasa maabara. Kila kituo kibaki na vipimo vya haraka: malaria, sukari, wingi wa damu, mkojo, ujauzito, VVU. Vingine viende maabara moja ya kati. Hapa ndipo majibu huharibika kimyakimya. Damu ya sukari ikikaa kwenye chupa ya kawaida, chembe zake huendelea kula sukari, na mgonjwa wa kisukari anaonekana yuko sawa. Tumieni chupa ya kifuniko cha kijivu, yenye floraidi. Damu ya potasiamu itenganishwe kwa mashine ya kuzungusha ndani ya saa mbili, hapo hapo kituoni. Chembe zikipasuka njiani, potasiamu husoma juu kwa uongo. Mkiona majibu ya juu yanatoka kituo kimoja tu, kagueni usafirishaji kabla ya kumshuku mgonjwa. Na bodaboda abebe kisanduku cha baridi. Jua la saa saba Dodoma halifai kwa mfuko wa plastiki.

Kuna vitu haviondoki hata vikionekana gharama. Oksijeni, sindano ya magnesiamu salfeti ya kuzuia kifafa cha mimba, na njia ya rufaa iliyoandikwa pamoja na hospitali inayopokea. Mjamzito akija na presha 160/110 na kichwa kinagonga, dozi ya kwanza ya magnesiamu anapewa kwenu kabla hajapandishwa gari. Kumbukeni pia usajili: kituo cha afya kinatakiwa kulaza wagonjwa, zahanati ni ya wagonjwa wa nje. Ukiondoa wodi bila kubadilisha daraja, ukaguzi utakukuta.

Baada ya miezi mitatu, pimeni jambo moja: kati ya wenye kadi za presha, wangapi walirudi ndani ya siku saba za tarehe yao. Wakiwa chini ya nusu, anzeni kuangalia kama dawa zao zilikuwepo siku waliyokuja. Ujumbe wa simu haumrudishi mtu aliyekuta rafu tupu mara mbili.