Testa kuwaka taa zote nane hakumaanishi kebo ni nzima

"Wakuu, nataka kuvuta kebo ya neti toka ruta ya sebuleni hadi dukani nyuma ya nyumba, kama mita 35. Fundi anasema rangi nipange ninavyotaka, mradi pande zote mbili zifanane. Ni kweli? Na kebo mwisho wake mita ngapi?"

Mwambie huyo fundi asiiguse kebo yako. Maneno hayohayo niliambiwa mimi wakati tunavuta laini ya stesheneri, na yalinigharimu swichi mpya na kadi ya mtandao ya kompyuta, ilhali vya zamani havikuwa na kosa lolote.

Alipanga rangi jozi kwa jozi, jinsi zinavyopendeza macho: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, kijani, nyeupe-bluu, bluu, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote sawasawa. Tukachomeka testa, taa zikawaka 1 hadi 8 kwa mpangilio, akapokea hela yake akaenda. Kompyuta ikapata neti, kurasa nyepesi zikafunguka. Ukituma faili kubwa kwenda kompyuta nyingine ya ndani, linakwama, linaendelea, linakatika. Nikampigia, akasema swichi mbovu. Nikanunua. Akasema basi ni kadi. Nikanunua pia! Kebo yenyewe hakuitazama hata mara moja, kwa sababu "testa imepitisha".

Sikiliza kinachotokea humo ndani. Kila jozi ya nyaya hubeba ishara moja, waya mmoja ukiwa kinyume cha mwenzake. Zimesokotwa pamoja ili kelele ikija iziguse zote mbili sawa, na upande unaopokea uifute kwa kutoa moja kwenye nyingine. Sasa kwenye plagi ya RJ45, jozi ni pini 1 na 2, pini 3 na 6, pini 4 na 5, pini 7 na 8. Hiyo 3 na 6 ndiyo mtego. Kwa mpangilio wa yule bwana, pini 3 imepata nyeupe-kijani na pini 6 imepata bluu, nyaya ambazo hazikusokotwa pamoja. Kinga imevunjika, ishara za jozi moja zinavujia nyingine, na kadiri kebo inavyorefuka ndivyo hali inavyozidi kuwa mbaya. Kipande cha mita moja kinaweza kufanya kazi vizuri tu, ndiyo maana mafundi wa namna hii wanaapa kwamba hakuna shida.

Testa ya bei nafuu inauliza jambo moja pekee: je, umeme ulioingia pini 3 umetokea pini 3? Haijui waya upi umesokotwa na upi.

Mpangilio ni huu, T568B, pande zote mbili. Shika plagi, ulimi wa kubana ukiwa upande wa nyuma, shaba zikikutazama, kebo ikiingilia chini. Kutoka kushoto:

```
1 nyeupe-chungwa
2 chungwa
3 nyeupe-kijani
4 bluu
5 nyeupe-bluu
6 kijani
7 nyeupe-kahawia
8 kahawia
```

Ona kijani inavyoruka bluu zote mbili ili imfikie mwenzake. Usifumue msokoto zaidi ya sentimita moja na kidogo, na ganda la nje liingie ndani ya plagi ili libanwe nalo. Kabla ya kubana, tazama mbele ya plagi: ncha zote nane ziwe zimegota mwisho. Kisha soma rangi tena, kwa sauti ukitaka.

Testa tumia, itakuonyesha waya uliokatika au uliopishana. Baada ya hapo ipime kwa mzigo. Kwenye Windows, weka anwani ya ruta yako hapa:

```
ping -n 100 -l 1400 192.168.1.1
netstat -e
```

Kwenye kebo ya ndani ya nyumba hutakiwi kupoteza pakiti hata moja. Nakili faili kubwa, kisha rudia amri ya pili. Mstari wa `Errors` ukipanda, kata plagi utazame rangi. Dalili nyingine ni vifaa vya gigabiti moja kuunganika kwa megabiti 100 tu.

Mita 35 haina tatizo. Kikomo ni mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa, na mafundi makini huhesabu 90 za kebo ya ukutani na 10 za vipande vya kuchomekea pande zote mbili. Pima njia yenyewe, kupanda ukuta na kushuka, maana 35 ya hatua za miguu inaweza kuwa 50 ya kebo. Kebo nyingi zimechapwa namba za mita kwenye ganda, kwa hiyo toa ndogo kwenye kubwa. Ukivuka 100, weka swichi katikati.

Ile laini ya stesheneri hatukubadilisha kebo. Fundi mwingine alikata plagi mbili, akabana upya kwa T568B, na faili lililokuwa linakwama likapita siku hiyohiyo.