Mjibu mtu kwa hadithi nzima

"Mama, imamu wa huku anasema kaswida za dufu kwenye zikri ni haramu, na kwamba Imamu Shafi mwenyewe alizikataza. Ni kweli Shafi alisema hivyo?"

Mwanangu,

Alisema. Imepokewa kwamba Shafi alisema ameacha nyuma yake Baghdadi kitu kilichozuliwa na mazindiki, wanakiita taghbiri, wanawashughulisha watu nacho wakaiacha Qur'ani. Taghbiri ilikuwa ni mashairi ya kuipa mgongo dunia, yakisomwa kwa sauti ya kuvuta huku mtu akigonga kijiti juu ya ngozi kavu au mto kufuata mizani. Maneno yenyewe yalikuwa ya mauti na akhera, kama zilivyo kaswida za baba yako. Kwa hiyo imamu wako hakuzua, na usije ukamjibu kwa ukali.

Ila mimi ningependa ujiulize Shafi alichukia kipi katika jambo lile, kijiti au Qur'ani kuachwa. Na hilo siwezi kukueleza bila kurudi kwenye maulidi ya nadhiri yako.

Unayajua kwa kusimuliwa tu, maana ulikuwa umebebwa mgongoni na shangazi yako. Niliweka nadhiri ulipougua, ukapona, tukasoma hapa Pangani, wanawake watupu, ukumbini kwa bibi yako. Tari zilikuwa nne. Shangazi yako alikuwa amewasha makaa ya vifuu uani, anazisogeza tari juu ya moto moja moja, anaigusa ngozi kwa kiganja, anaipiga kidogo kwa ncha za vidole, haijalia bado, anairudisha. Ile ngozi ikilegea kwa unyevu wa bahari hutoa sauti ya gunia. Tukafika kwenye kiyamu, tumesimama, mrashi unapita, chetezo kinapita, na kijana mmoja wa mtaani aliyekuwa amerudi masomoni akasimama nje ya dirisha akapaza sauti: "Zumari za shetani nyumbani kwa Waislamu!"

Tari zikanyamaza. Na bibi yako, ambaye hakuwahi kushika kalamu, alijibu palepale bila kugeuza kichwa: "Imalizie hadithi, mwanangu."

Nacheka nikiandika, ingawa siku ile sikucheka. Maana maneno yale ya zumari za shetani ni ya Abubakar, radhi za Allah zimshukie, alipoingia nyumbani kwa Bi Aisha siku ya idi akakuta vijakazi wawili wanaimba nyimbo za vita vya Bu'athi. Mtume (s.a.w.) alikuwepo, amejilaza na kujifunika. Akamwambia Abubakar awaache, kila watu wana idi yao na hii ni idi yetu. Hadithi imo ndani ya Bukhari na Muslim. Yule kijana alichukua neno la Abubakar akaliacha jibu la Mtume.

Lakini wageni waliondoka. Sinia za pilau zilirudi jikoni karibu zote, na mama mmoja aliyekuwa amekuja na tari yake aliifunika kwa kanga akatoka kwa mlango wa uani kama aliyeiba. Hilo la kanga bado linaniuma.

Sasa ngoja nimtetee yule kijana, kwa kuwa nimekuwa na miaka mingi ya kumfikiria. Angekuwa na elimu zaidi, angemjibu bibi yako hivi: wale walikuwa wasichana wadogo, siku ilikuwa ya idi, na walikuwa wanafurahi tu, hakuna aliyesema anamkaribia Mungu kwa nyimbo zile. Ninyi mmeichukua ruhusa ya furaha mkaifanya ibada. Hapo, mwanangu, ndipo penye hoja nzito ya mafakihi, wala haihusu ngoma. Ibnul Jauzi wa Baghdadi, aliyefariki mwaka 1201, aliwashambulia masufi hapohapo. Alisema masahaba walisikia Qur'ani wakalia, macho yakatiririka, ngozi zikasisimka, wala hawakupiga kelele na kuchana nguo. Na kuchana nguo, alisema, ni kuharibu mali, na kuharibu mali ni haramu bila ubishi. Kwa hilo simpingi hata kidogo. Ukiona mtu anaanguka kwenye zikri kila Alhamisi mahali palepale pazuri penye mkeka, nawe jiulize.

Na wa upande wa pili? Ghazali, ambaye ni wa madhehebu ya Shafi kama sisi na alifariki mwaka 1111, ameiandikia samai, yaani kusikiliza mashairi na nyimbo za kumkumbuka Mungu, kitabu kizima ndani ya Ihyaa, ile kazi yake kubwa. Hakuanza kwa kusema inafaa. Aliipasua vipande: sauti nzuri, sauti yenye mizani, maneno yenye maana, maneno yanayotikisa moyo. Kipi kati ya hivi ni haramu kikiwa peke yake? Sauti nzuri ni ya ndege pia. Basi vikikusanyika, uharamu unatoka wapi? Alipofika kwenye ala aliharamisha nyuzi na mazumari, na sababu aliyoitoa siyo kwamba zinapendeza, ila kwamba zilikuwa alama ya wanywaji pombe wa zama zake. Dufu aliliacha. Kisha akaorodhesha yanayoigeuza samai kuwa haramu, na baadhi yanamhusu mtu aliyeketi anasikiliza: kijana aliyetawaliwa na matamanio, kila akisikia sifa za kipenzi anamuona jirani yake, huyo samai ni haramu kwake hata mwimbaji angekuwa walii.

Na lile la Shafi, kuiacha Qur'ani? Ghazali alijiuliza mwenyewe: kwa nini wasikusanyike kusikiliza Qur'ani, iliyo bora? Katika majibu yake lipo moja ninalolipenda. Mwimbaji akisoma beti isiyoafiki hali ya moyo wa msikilizaji, huambiwa aache, asome nyingine. Nani atathubutu kumwambia msomaji wa Qur'ani, aya hii ya mirathi haijanigusa, niletee nyingine? Na nani ataipigia Qur'ani dufu? Kwa hiyo kwake shairi lipo ili Qur'ani isichezewe. Unaweza kulikataa jibu hili, lakini huwezi kusema hakulisikia swali.

Unajua nitakachosema sasa, umekisikia tangu hujaota meno: samai haitii moyoni kisichokuwamo, hukichochea kilichomo. Neno ni la Abu Sulaiman Darani, mmoja wa masufi wa mwanzo. Mimi nalishikilia. Hata hivyo usiku mwingine linanigeukia. Ikiwa samai inachochea kilichomo, na vilivyomo mioyoni mwetu wengi tunavijua, basi fakihi anayefunga mlango kwa wote ana kosa gani? Sheria huwekewa watu wa sokoni, haiwekewi Junaidi, shehe mkubwa wa masufi. Huyo Junaidi mwenyewe aliisharutishia samai wakati, mahali na wenzi; kikikosekana kimoja, usikae. Sasa nitajie ukumbi mmoja wa harusi wa huko Dar es Salaam wenye hivyo vitatu.

Ndiyo maana kisa ninachokirudia kuliko vyote ni cha Delhi. Sultani Ghiyathuddin Tughluq, aliyetawala kuanzia mwaka 1320, aliitisha baraza la wanazuoni kumhoji Nizamuddin Auliya, shehe mkubwa wa masufi wa huko, kwa sababu ya samai kwenye zawia yake. Sheikh akaleta hadithi. Wapinzani wakamwambia wewe ni mfuasi wa Abu Hanifa, tuletee kauli ya Abu Hanifa, hadithi haina kazi hapa. Anasimulia Amir Khurd, aliyeandika habari za Sheikh, kwamba jambo hilo lilimhuzunisha Sheikh kuliko tuhuma yenyewe. Ikawa lililomwokoa ni ushahidi wa msafiri, mjukuu wa shehe Bahauddin Zakariya wa Multan. Sultani alimuuliza, wewe umetembea, huko Baghdadi na Shamu vipi? Akasema mashehe wanasikiliza, wengine kwa dufu na filimbi, wala hakuna anayewazuia. Baraza likavunjika bila marufuku.

Wapenda kaswida hukiishia kisa hapo, kama yule kijana wa dirishani. Imalizie hadithi, ndivyo angesema bibi yako. Kwa sababu Nizamuddin huyohuyo alikuwa na masharti yake manne: mwimbaji awe mwanamume mzima, siyo mtoto wala mwanamke, msikilizaji asiwe mtupu wa kumkumbuka Mungu, kinachoimbwa kisiwe uchafu wala mzaha, na ala zisiwepo. Waliwahi kumletea habari kwamba baadhi ya wafuasi wake walicheza kwenye kikao chenye ala. Wenyewe wakajitetea: tulizama mno kwenye samai, hatukujua hata kama ala zilikuwepo. Sheikh akajibu: huo si udhuru, maana kila maasi yanaweza kutolewa udhuru huo. Aliyehojiwa na mafakihi kwa kuitetea samai ndiye aliyewafungia wake mlango ambao wapo mafakihi wangeuacha wazi.

Na kwa sharti lake la kwanza na la nne, maulidi ya nadhiri yako hayapiti. Tulikuwa wanawake, na tulikuwa na tari. Nimeligeuza hili mara nyingi. Najiambia: wanawake watupu, hakuna mwanamume anayesikia, sababu ya sharti la kwanza haipo. Kisha najiambia: yule kijana alisikia, alikuwa dirishani. Kisha nasema: nani alimwita dirishani? Baba yako alikuwa akinisikia nikibishana hivi peke yangu jikoni, anasema niolewe na Ghazali.

Huko Lamu pia yalitokea. Habib Swaleh aliposoma maulidi ya Habshi kwa madufu wapo wazee waliochukia, na msikitini kwake Riyadha leo watu huja kutoka pwani yote. Sitii sana uzito hapa, kwa kuwa wingi wa watu haujawahi kuwa dalili kwa fakihi yeyote, na ukiileta kwa imamu wako atakushinda.

Unataka nikwambie ukae au uondoke wakianza kupiga. Ninayo kauli yangu, ipo hapa kwenye ncha ya kalamu, na nimeiandika mara nikaikata. Wewe ndiye unayejua nani anakujia akilini beti ya kipenzi inaposomwa, mimi siketi ndani ya kifua chako.

Imamu wako usimkimbie. Anaonekana amesoma, watu wengi hawaijui kauli ile ya Shafi. Muulize taratibu, baada ya watu kutawanyika, taghbiri ilikuwa ni nini na iligongwaje. Akikueleza kijiti na ngozi na mashairi ya akhera, kaa darasani kwake kila siku anayofundisha, hata akiharamisha. Asipojua kukueleza, mpe salamu zangu uje likizo, Ihyaa ya baba yako ipo, juzuu ya pili, na miwani yangu mpya nimeshaipata.

Mama yako