Namba za bidhaa na lebo za rafu kwenye stoo ya nyumbani

Swali: Wakuu nauza tisheti, kofia na soksi mtandaoni, mzigo naweka kwenye kachumba kadogo nyumbani, rafu mbili za ngazi nne nne. Siku oda zikifika 20 nafunga mpaka usiku na bado natuma saizi siyo. Namba na lebo nizipange vipi ili kufunga kuwe fasta?

Jibu: Mkuu mi kazi yangu ni ghala, na hilo la saizi siyo nalijua vizuri. Kabla hujaandika lebo hata moja, tenganisha vitu viwili ambavyo wengi wanavichanganya: kuna msimbo wa bidhaa, unaosema hiki ni kitu gani, na kuna namba ya sehemu, inayosema kinakaa wapi. (Siuiti kodi maana hilo neno linatutia presha.) Mimi nilipoanza niliviunganisha, nikaandika msimbo wenye namba ya rafu ndani yake, nikaona nimepata akili kweli, afu baada ya miezi kadhaa nikahamisha rafu moja na ikabidi nibandue stika kwenye kila pakiti nianze upya. Bidhaa inahama, jina lake halihami.

Msimbo uwe mfupi na kila kipande kikae palepale siku zote. Kwako ningeandika TS-04-SI-M, yani tisheti, dizaini ya 4, nyeusi, midiamu. Hapo kwenye rangi kuwa makini, ukisema uchukue herufi tatu za mwanzo utaumia maana nyeusi, nyeupe na nyekundu zote zinaanza na NYE, kwa hiyo chukua herufi mbili za mwisho: SI, PE, DU. Kofia KF, soksi SK. Na msimbo uanze na herufi, usianze na namba, kwa sababu ukiandika 04 peke yake kwenye Excel inabaki 4, ukiandika 3-2 inakugeuzia tarehe, na utajikuta unapambana na kompyuta badala ya kufunga mizigo.

Sasa sehemu. Rafu moja ni A, nyingine ni B. Ngazi hesabu kuanzia chini kwenda juu, ya chini kabisa ndo 1, kwa sababu siku ukiongeza ngazi utaiongeza juu na namba za zamani hazitaguswa. Kila ngazi weka maboksi yaliyofunguka mbele, yahesabu kutoka kushoto kwa tarakimu mbili: 01, 02, 03. Hivo B-3-02 ni rafu B, ngazi ya tatu, boksi la pili kutoka kushoto. Hiyo sifuri usiidharau, bila hiyo ukipanga orodha kwenye kompyuta boksi la 10 linakaa kabla ya la 2.

Lebo bandika kwenye ubao wa rafu chini ya boksi, siyo kwenye boksi lenyewe, maana boksi ukilitoa kujaza mzigo ukalirudisha pengine limeondoka na anwani yake. Kuanzia, masking tepu na maka peni vinatosha kabisa. Ile karatasi ya printa ya joto, ya kuchapia risiti, mimi siweki kwenye rafu, ikipigwa na jua au joto maandishi yanafifia na siku moja unasoma 3 ni 8.

Boksi moja, msimbo mmoja. Hapa watu wanalia nafasi haitoshi, lakini ukiweka M na L kwenye boksi moja umerudi kwenye kupekua, na kupekua ndo kunakula muda wako, siyo kutembea, chumba chenyewe hatua tatu. Boksi likiwa kubwa kwa mzigo ulionao, kata kadibodi uligawe katikati, kila upande uwe na namba yake.

Saizi siyo zinatoka hapa: tunapenda kupanga dizaini moja, rangi moja, M pembeni ya L pembeni ya XL, inapendeza kwa macho, ila mkono ukiteleza boksi moja unashika kitu kinachofanana kabisa na ulichotaka na hushtuki. Vunja huo mpangilio. TS-04-SI-M ikae B-3-02, TS-04-SI-L ipeleke A-2-05, na pembeni ya M weka kitu ambacho hakifanani kabisa, kofia kwa mfano. Ukikosea boksi unajua hapohapo maana umeshika kofia. Zinazotoka sana ziwe kwenye ngazi ya 2 na 3, kati ya kiuno na bega, zinazolala ziende juu. Na mzigo wa akiba, ule uliofungwa bado, upe sehemu yake ngazi ya 4, usiokote oda kutoka huko, kazi yake ni kujaza boksi la chini tu.

Kwenye kompyuta fungua karatasi mbili. Moja iite Stoo: safu A msimbo, B jina, C sehemu, D idadi. Nyingine iite Oda: A msimbo, B ngapi, C namba ya oda, na kwenye D2 andika hii kisha ivute kushuka chini:

```
=VLOOKUP(TRIM(A2),Stoo!A:C,3,FALSE)
```

Ikikuletea `#N/A` ujue msimbo huo haupo Stoo kama ulivyoandikwa, mara nyingi ni herufi O badala ya sifuri, au upande wa Stoo kuna nafasi imebaki mwishoni. Usiende kutafuta kwa macho rafuni, rekebisha hapo kwanza.

Sa tuseme leo una oda tatu: 31 anataka tisheti TS-04-SI-M na soksi SK-02-PE-L, 32 anataka TS-04-SI-L, 33 anataka TS-04-SI-M mbili. Panga karatasi ya Oda kwa safu D. A-2-05 inakuja juu, L moja ya 32. Afu soksi, tuseme ziko A-3-01. Afu B-3-02 mara mbili, moja ya 31 na mbili za 33, unatoa tatu kwa mpigo. Umepita kila boksi mara moja na hujarudi nyuma. Mezani weka vikapu vilivyoandikwa 31, 32, 33, ukigawa soma msimbo kwenye stika ya pakiti ulinganishe na karatasi, anza na kipande cha mwisho, ile M au L, kwa sababu hapo ndo unapokosea wewe. Mi ningechukua oda nane hadi kumi kwa mzunguko, zikizidi vikapu vinajaa meza na unaanza kuchanganya upya.

Mzigo mpya ukifika usiupandishe rafuni hata kama umechoka vipi. Uache kwenye kapu mlangoni mpaka kila pakiti iwe na stika na idadi imeingia Stoo. Na ukihamisha bidhaa, badilisha safu C ukiwa umesimama palepale na simu mkononi, ukisema nitaandika baadaye, kesho karatasi inakupeleka B-3-02 unakuta kofia.