Binti Akiugua UTI Mara kwa Mara, Uliza Kwanza Mkojo Unabakia Wapi

Jamani mama mwenzangu, kama binti yako ameambiwa ana UTI akapona, mwezi unaofuata imerudi, akapona tena, ikarudi tena, acha kuzunguka kutafuta dawa kali zaidi. Swali la kumpelekea daktari ni moja, kwa nini inarudi. Nayaandika haya kwa sababu nimeyapitia na binti yangu hapa Dodoma, alipoanza tu darasa la kwanza, miaka 6, na hapo kabla hakuwahi kuumwa mkojo hata siku moja.

Mwanzoni ilikuwa ya kawaida tu, anasema "mama kunauma nikikojoa", anaenda chooni anatoa vitone anarudi, mkojo una harufu. Zahanati karibu na nyumbani wakapima, wakasema UTI, dawa, ikaisha. Ikarudi, dawa nyingine, ikaisha. Mara ya tatu ikaja na homa ya 39, anatapika, ananionyesha mgongoni chini ya mbavu ndo kunauma, na hapo nikaona hapana, tukaenda hospitali kubwa kwa daktari wa watoto.

Sasa sikiliza alichoniambia huyo daktari maana ndo kiini chenyewe. Alisema, "Mama, mtoto akipata mara mbili zenye homa, au mara tatu hata kama homa hakuna, hiyo tunaihesabu ni UTI inayojirudia, na ikijirudia mimi simalizani na wadudu tu, namtafuta anayewafungulia mlango." Akanieleza kwamba wadudu wenyewe mara nyingi ni wale wale wanaoishi kwenye haja kubwa, wanaitwa E. koli, na mtoto wa kike njia yake ya mkojo ni fupi na iko karibu na sehemu ya haja kubwa, kwa hiyo kupanda wanapanda kwa mabinti wote. Ila kwa wengi mkojo wenyewe unawasukuma nje kila anapokojoa. Wakipanda wakakaa, wakazaliana tena na tena, mara nyingi kuna mahali mkojo hautoki wote au unarudi ulikotoka.

Na homa kwake ilikuwa jambo kubwa. UTI ya chini, ya kibofu, inauma lakini kwa kawaida haileti homa kali. Homa kali na maumivu ya ubavuni ni dalili kwamba wadudu wanaweza kuwa wamefika kwenye figo, na figo la mtoto likishambuliwa tena na tena linaweza kubaki na kovu, na kovu halifutiki, baadaye ukubwani linaweza kuleta presha au shida wakati wa ujauzito. Hapo ndo nikaelewa kwa nini hakutaka kuandika dawa tu tuondoke.

Kabla ya yote alitaka mkojo uoteshwe. Watu wengi tunapimwa ile ya kuangalia darubini au kile kijiti cha rangi, inasaidia ndio, lakini kuotesha ndo kunakuonyesha ni mdudu gani na dawa gani inamuua na ipi ameshaizoea. Majibu yanachukua kama siku mbili tatu, na kwa homa ile hakusubiri, alichukua mkojo kwanza ndo akaanza antibayotiki hapo hapo, majibu yakija anabadilisha kama inabidi. Huo mpangilio ushike, mkojo kwanza, dawa baadaye, maana ukishampa hata vidonge viwili vya duka la dawa unaweza ukaotesha usipate kitu na homa bado ipo. Halafu na huo mkojo wenyewe, sio ule wa kwenye poti au chupa ya soda uliyoisuuza nyumbani ukaja nayo kwenye bajaji na jua letu hili, mpaka ufike maabara wadudu wa kawaida wamejaa na majibu yatasema UTI wakati sio. Unamsafisha kwa maji, anaanza kukojoa, unakinga wa katikati kwenye kikopo cha maabara, unapeleka muda ule ule.

Sasa maswali. Nilitegemea aulize chupi gani, sabuni gani, alichouliza ni haja kubwa! Anaenda lini, kigumu au laini, kikubwa kiasi cha kuziba choo? Nikasema anaenda kila siku daktari. Akauliza, chupi yake huwa ina madoa madoa ya haja? Ndio, ina madoa, nilijua tu hajajifuta vizuri. Akauliza, akiwa anacheza umewahi kumuona anachuchumaa ghafla anakalia kisigino chake, ametulia tuli, halafu anainuka anaendelea? Nilishangaa kwakweli, maana ndo kitu anachokifanya kila jioni uani, tulikuwa tunadhani ni mchezo wake. Kumbe mtoto anabana mkojo, kile kisigino anaziba nacho.

Binti mwenyewe alipoulizwa taratibu akasema shuleni haendi chooni. Milango haifungi, wavulana wanachungulia, kuna harufu. Kwa hiyo alikuwa anakojoa asubuhi akiamka, anabana mpaka arudi nyumbani mchana, na maji hanywi ili asibanwe. Haja kubwa nayo anabana hivyo hivyo.

Akamkagua mgongo chini kabisa kama kuna kishimo au nywele zisizo za kawaida, maana mishipa ya fahamu ya kibofu inatokea huko, akamwangalia anavyotembea, akapima presha. Akauliza kama kuna damu kwenye mkojo na kama ameogelea kwenye mabwawa au madimbwi, kwa ajili ya kichocho. Akauliza pia kama chupi inalowa muda wote hata dakika chache baada ya kukojoa, maana wapo watoto wamezaliwa mrija wa figo umeunganika mahali sipo. Na aliuliza kwa upole kama kuna mtu anamgusa mtoto vibaya. Usikasirike ukiulizwa hilo, daktari anayeuliza anamlinda mwanao.

Ikaja ultrasaundi. Ukienda omba wapime mara mbili, kibofu kikiwa kimejaa na mara tu baada ya kukojoa, kwa sababu jibu la kwetu lilikuwa kwenye ile ya pili. Figo zote mbili zilikuwa nzuri, saizi sawa, mirija haijavimba, namshukuru Mungu. Lakini baada ya kukojoa "kumaliza" kulibaki mililita 60 ndani. Daktari akanipigia hesabu, kibofu cha mtoto unachukua miaka yake unaongeza 1 unazidisha kwa 30, kwa hiyo wa miaka 6 ni kama mililita 210, na baada ya kukojoa kinatakiwa kibaki karibu kitupu, mililita 20 hivi kushuka chini. Wa kwangu alikuwa anabakiza zaidi ya robo. Ni kama ndoo ya maji unayoijaza kila siku bila kumwaga ya jana, utelezi hauishi. Na nyuma ya kibofu picha ilionyesha utumbo wa mwisho umetanuka umejaa haja ngumu, upana unakaribia sentimita 4, umekiegemea kibofu.

Kwa hiyo mtoto anayeenda choo kila siku anaweza kuwa amefunga choo, anatoa kidogo cha pembeni na mzigo unabaki. Ule mzigo unakibana kibofu kisijae vizuri wala kisimalize, na yale madoa kwenye chupi ni haja laini inayovuja kupita pembeni ya mzigo. Antibayotiki haiwezi kugusa hilo. Ndo maana kila dozi ilifanya kazi na kila dozi ilishindwa.

Matibabu yakaanza kwenye choo. Laktulozi ya maji, dawa ya kulainisha choo, dozi aliyoipanga yeye kwa kilo za mtoto, kwanza mpaka mzigo utoke, halafu ikaendelea kwa miezi, na alisisitiza nisiikate nikiona choo kimelainika kwa wiki moja, kwa sababu utumbo uliotanuka unachelewa kurudi saizi yake, ukikata mapema unajaa tena. Chakula kikafuata, mlenda kwetu haukosi, maharage, papai, na maji lita 1 na kidogo kwa siku yakigawanywa, sio kumnywesha yote usiku.

Kukojoa nako kukawa na ratiba, kila saa 3 hivi, abanwe asibanwe. Akiamka, mapumziko ya saa 4 shuleni, saa 7, alasiri, na kabla ya kulala. Na namna ya kukaa ndo watu hatuiangalii, mtoto anashusha chupi mpaka magotini tu, mapaja yamebanana, mkojo unakatika njiani. Ashushe mpaka kwenye vifundo au aivue kabisa, miguu ipanuke, na kama ni choo cha kukaa muwekee kigoda miguu isining'inie maana ikining'inia misuli ya chini inakaza. Akimaliza asubiri kidogo, ahesabu taratibu, akojoe tena. Hiyo ya pili mwanzoni ilikuwa inatoa mkojo mwingi mpaka nilikuwa nahuzunika. Kujifuta ni mbele kwenda nyuma, na yale mambo ya kumuosha ndani kwa sabuni au maji ya chumvi acha kabisa, yanamchubua tu.

Shuleni nilienda kuongea na mwalimu wake, mama mmoja muelewa sana, akakubali awe anamruhusu binti yangu na rafiki yake waende pamoja, mmoja anashika mlango. Hilo lilisaidia kuliko chupa yoyote ya dawa, nasema ukweli.

Tuliporudi kwa ultrasaundi nyingine kulibaki mililita 10 na utumbo umesinyaa, na tangu hapo UTI haijarudi.

Kuna kipimo kingine utakisikia, wanaweka mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo, wanajaza dawa ya eksirei kwenye kibofu halafu mtoto anakojoa wakipiga picha, waone kama mkojo unapanda kurudi kwenye figo. Kurudi huko kuna daraja 1 mpaka 5, zile za chini mara nyingi zinaisha zenyewe mtoto akikua, za juu ndo zinataka ufuatiliaji wa karibu na wakati mwingine upasuaji. Sisi hatukufanyiwa kwa sababu figo na mirija vilikuwa safi na sababu ilishaonekana, ila daktari ameandika kwenye faili kwamba homa ya UTI ikirudi tu anafanyiwa. Kwa hiyo mpaka leo akipata homa isiyo na mafua wala kikohozi sisubiri asubuhi na siendi duka la dawa, nachukua ile kadi yenye majibu ya kuotesha, tunapanda bajaji, mkojo unapimwa siku hiyo hiyo kabla hajameza kitu.