Nani anakwamisha vipimo vya maziwa kituoni, wakati mkutano wote ulikubali?

"Wakuu, nasimamia kituo cha ushirika cha kukusanya maziwa hapa Tanga. Tumeanzisha kupima maziwa ya kila mfugaji peke yake na kulipa kwa simu badala ya taslimu. Mkutano mkuu ulipitisha bila kupinga. Sasa ni wiki ya tatu, maziwa yamepungua na foleni ya asubuhi haiishi. Nitamjuaje anayekwamisha?"

Mkuu, mabadiliko hayohayo niliyasimamia kwenye kituo upande wa Muheza, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Weka pembeni orodha ya wajumbe wa bodi na waliopiga kura. Mkutanoni hakuna mtu atakayesimama aseme anataka maziwa yenye maji. Fuata maziwa yenyewe, kuanzia kwenye titi mpaka kwenye tangi la kupoozea. Andika kila mkono unaoyagusa: anayekamua, anayeyabeba, anayepima, anayeandika daftari. Halafu fuata pesa zinavyorudi mpaka nyumbani. Kwa kila jina jiulize leo anapata nini, mfumo mpya ukishakaa atapata nini, na akiacha kazi yake asubuhi moja wewe utahimili kwa muda wa saa ngapi.

Swali la tatu ndilo wengi wanaliruka. Wanapima nguvu ya mtu kwa cheo chake. Kwenye maziwa nguvu inapimwa kwa saa. Maziwa ya moto kwenye joto letu yanataka yawe yamepozwa ndani ya saa mbili tatu, kwa hiyo yeyote anayeweza kukuchelewesha muda huo anaweza kukuzuia, hata kama hajawahi kuitwa kwenye kikao.

Kwangu mtu huyo alikuwa kijana wa bodaboda. Alipita kwa wafugaji kumi hivi, akamimina yote kwenye madumu mawili na kuyaleta kwa jina moja. Kila mtu alijua analipwa nauli ya kubeba. Faida yake ya pili haikuzungumzwa. Tuseme analeta lita 80 kwa siku, na lita ni shilingi 1,000. Kituo kinamlipa kila wiki, yeye anawalipa wafugaji mwisho wa mwezi. Maana yake kwa wiki moja tu anashika shilingi 560,000 ambazo si zake, na hizo ndizo zinanunua tairi, mafuta na bidhaa za kibanda chake. Malipo ya simu yanamnyang'anya mtaji huo kwa siku moja. Kupima kila mfugaji kunamlazimu abebe keni kumi badala ya madumu mawili, kwenye barabara ya kupanda Amani wakati wa masika.

Huyo anapoteza, na anaweza kuzuia. Hatagoma wala kuandika barua. Atafika saa nne badala ya saa mbili, au atageuza pikipiki na kuyauza mbichi kwa wauza chai mjini. Dalili yake ni kwamba upungufu wako unafuata njia. Chukua daftari la mwezi uliopita na la sasa, panga lita kwa njia za wabebaji, usipange kwa vijiji. Kama njia mbili zimeshuka na nyingine zimebaki palepale, umeshapata pa kuanzia.

Mimi nilikaa na wabebaji na kutenganisha hasara mbili. Hasara ya kutoweza tena kutia maji na kupunja kipimo sikuifidia, na nilisema wazi. Lakini kubeba keni kumi ni kazi halali iliyoongezeka, kwa hiyo kituo kikaanza kuwalipa nauli moja kwa moja, kwa lita, kila Jumamosi, na kuwaazima keni zenye namba ya mfugaji. Mtaji wa wiki haukurudi, ila walipata pesa ya uhakika isiyowaletea ugomvi mwisho wa mwezi. Baadhi waliondoka hata hivyo. Panga bajeti ukijua hilo.

Sasa mpokeaji wako. Zamani alikuwa na hiari ya kupokea ya huyu na kukataa ya yule, na hiari hiyo inamletea heshima na vijizawadi. Angalia kama anakuzuia kwa kufuata sheria kupita kiasi. Laktomita, kile kipimo cha kuonyesha kama maziwa yametiwa maji, nyingi zimetengenezwa zisome sawasawa kwenye nyuzi 20. Maziwa yenye joto zaidi husomeka chini kuliko uzito wake halisi, ndiyo maana tunaongeza 0.2 kwa kila nyuzi moja iliyozidi. Maziwa ya nyuzi 30 yakisoma 25, ukisahihisha ni 27, yamo ndani ya kiwango cha kawaida cha 26 hadi 32. Mpokeaji asiyesahihisha atayakataa, mfugaji atawaka, na lawama zitauangukia mfumo wako. Simama naye asubuhi moja ukiwa na kipimajoto. Kama joto haliandikwi popote kwenye daftari, sehemu ya foleni yako inatoka hapo.

Lakini kundi ambalo karibu kila msimamizi hulikosa ni kina mama. Kwenye orodha nyingi za namna hii "mfugaji" ni mtu mmoja, mwenye kadi ya uanachama, na mara nyingi ni baba. Anayekata majani, anayekamua na kumkabidhi mbebaji maziwa ni mama, na taslimu ilikuwa ikirudi mkononi mwake. Umehamishia malipo kwenye namba ya simu iliyo kwenye kadi. Kaya imepata faida, mama amepoteza. Na yeye ndiye anayeamua kila alfajiri lita ngapi ziende kituoni na ngapi zibaki.

Mama mmoja aliniambia, "Baba yao akipata meseji, mimi napata habari." Hakulalamika kwenye kikao chochote. Maziwa yake yalishuka tu kutoka lita tisa hadi sita, na tatu zikaenda kwa jirani anayelipa papo hapo. Dalili ya hasara hii haifanani na ya wabebaji: kila kaya inapungua kidogo kidogo, kwenye njia zote, ng'ombe ni walewale, na hakuna anayesema neno. Tuliongeza kwenye fomu nafasi ya namba ya pili, ili mwanachama agawe malipo anavyotaka, na tuliipeleka nyumba kwa nyumba wakiwapo wote wawili. Wapo waume waliokataa, na ushirika hauwezi kuwalazimisha.

Mtu wa mwisho wa kumtazama ni mwenye duka la pumba na mashudu, hasa kama yumo kwenye bodi. Kama alikuwa akikopesha chakula cha ng'ombe na kukata deni lake dirishani siku ya malipo, simu imemfungia dirisha. Mpe makato yaliyosainiwa na mfugaji kabla pesa hazijatumwa.

Karatasi hii ya majina iwe yako na katibu tu. Ukiandika "mpinzani" mbele ya jina la mtu, itafika kilabuni kabla ya jioni. Andika anachopoteza, basi. Na iandike upya baada ya malipo ya kwanza na tena baada ya malipo ya pili, kwa sababu mbebaji aliyekuwa upande wako kabla ya kuona pesa anaweza kuwa ameshahama.

Anza kesho na daftari: lita kwa njia, halafu lita kwa kaya. Ukishaona upungufu una sura gani, rudi hapa utuambie, tuendelee kutoka hapo.