Nyimbo za kwaya tulizotunga wenyewe: tusajili kwa jina la nani?

*"Kwaya yetu ina nyimbo sita za kuabudu tulizotunga wenyewe. Mmoja alileta maneno, mwingine tuni, mwalimu akapanga sauti. Tunataka kurekodi. Tusajili kwa jina la kwaya au la watu? Na kikiingia chochote tugawane vipi?"*

Ndugu, msajili kwa majina ya watu, na mgao muuandike kabla hamjaingia studio. Mimi nilifanya kinyume na nikalipa gharama yake, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Wimbo wetu wa kwanza nilikuwa nimeandika beti zote na kiitikio. Tuni aliileta dada mmoja wa sauti ya pili. Mwalimu wa kwaya akaupangia sauti nne. Tulipoimba mara ya tatu mazoezini, mama mmoja wa sauti ya kwanza akaongeza mstari wa kupokezana kati ya ubeti wa pili na kiitikio. Watu waliupenda mno, ukabaki. Tulirekodi, na mhusika wetu wa kupakia mtandaoni alipofika kwenye nafasi ya mtunzi akaandika jina la kwaya. Hakuna aliyeona tatizo. Sisi sote ni kwaya moja, tukasema.

Tatizo ni kwamba rekodi ni kitu kimoja na wimbo wenyewe ni kitu kingine. Rekodi ni yale mliyoyaimba siku ile studio, na hiyo inaweza kumilikiwa na kwaya kwa kuwa ndiyo iliyoigharimia. Wimbo ni maneno na tuni, na hizo zimetoka vichwani mwa watu. Kwaya nyingine ikiuimba na kuurekodi upya, rekodi yenu haijaguswa lakini wimbo wenu umetumika. Hata namba za utambulisho ni mbili: rekodi hupewa ISRC, wimbo hupewa ISWC. Msambazaji wa mtandaoni kwa kawaida hushughulika na ISRC tu. Tulipopata ISRC tukadhani tumeshasajili kila kitu.

Chama cha kukusanya mirabaha humlipa mtunzi ambaye ni mwanachama wake na ana namba yake, iitwayo IPI. Jina la kwaya halikuwa na IPI ya mtunzi, kwa hiyo fedha za upande wa wimbo hazikuwa na pa kwenda. Kosa la pili ni langu mwenyewe. Nilipogundua hilo, nikajiunga na chama na kuusajili wimbo nikiwa mtunzi pekee, asilimia 100, nikidhani nitawagawia wenzangu baadaye. Dada wa tuni, bila kujua, naye akausajili kwenye chama chake, asilimia 50. Jumla ikawa 150. Madai yakizidi 100, chama hakiamui nani mkweli. Kinazuia malipo mpaka wenyewe mkubaliane kwa maandishi. Barua ya kizuizi niliipata kabla sijamweleza dada yule nilichofanya. Aliniuliza swali moja tu: "Kaka, tuni ile ilikuwa ya nani?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Tukakaa wanne: mimi, yeye, mwalimu na yule mama. Swali lililotusaidia ni hili: mchango huu ukiondolewa, kwaya nyingine ikaimba kwa kinanda kitupu, wimbo unabaki uleule? Mpiga kinanda wetu alikuwa ametunga mipigo mizuri ya kufungulia, lakini ikiondolewa wimbo unabaki uleule. Kwa hiyo yeye akaingia upande wa rekodi: jina lake kwenye orodha ya wapigaji na malipo yake ya studio. Mstari wa yule mama ukiondolewa, wimbo unapungua, maana kila anayeuimba anauimba na mstari ule. Kwa hiyo ni mtunzi, hata kama alichangia mara moja tu na bila kalamu mkononi.

Tukaanza na nusu kwa maneno na nusu kwa tuni. Upande wa maneno mimi nikachukua 40 na mama 10. Upande wa tuni dada akachukua 40 na mwalimu 10 kwa mpangilio wa sauti. Mngeweza kugawa vingine. Sheria haiwalazimishi hesabu hii, ila chungulieni kanuni za chama chenu, kwa kuwa baadhi huweka ukomo wa fungu la mpangaji. Kwenye fomu kila mtu ana herufi ya kazi yake: A ni mwandishi wa maneno, C ni mtunzi wa tuni, CA ni aliyefanya yote mawili, AR ni mpangaji. Ikiingia 1,000 upande wa wimbo, mimi napata 400, dada 400, mama 100, mwalimu 100. Kila mmoja hulipwa moja kwa moja na chama chake, haipiti kwangu. Hilo peke yake limetuondolea maneno mengi.

Na kwaya je? Rekodi yote ni ya kwaya: kwanza inarudisha gharama za studio, kinachobaki kinaingia kwenye mfuko. Upande wa wimbo, sisi wanne tuliamua kwa hiari kutoa nusu ya tunachopokea kwa mfuko huo, lakini hilo liko kwenye karatasi nyingine. Msilifanye kwa kuiandika kwaya kama mtunzi. Mtu akihama kwaya, ahadi ya mfuko inaweza kujadiliwa upya, ila utunzi wake unabaki wake. Sisi mwalimu ameshahama, na kwenye fomu hatukuhitaji kubadilisha hata herufi moja.

Karatasi yetu ya mgao ni ukurasa mmoja: jina la wimbo, mistari ya kwanza ya ubeti na kiitikio, majina kamili na IPI, herufi ya kazi, asilimia, tarehe, sahihi za wote. Chini tuliandika kwamba tafsiri au mpangilio mpya unahitaji kibali cha wote wanne. Tuliambatanisha daftari langu lenye mistari niliyoifuta na sauti ambayo dada alijirekodi kwa simu siku tuni ilipomjia. Kwa nchi zilizo kwenye Mkataba wa Berne wa 1886, hakimiliki huanza yenyewe bila usajili, kwa hiyo usajili hauwapi wimbo. Unawapa ushahidi na njia ya kulipwa. Ndiyo maana rasimu hizo zina thamani kubwa.

Jambo moja la nyimbo za kuabudu hasa: kagueni maneno. Katika wimbo wetu wa pili nilikuwa nimechukua mistari minne ya zaburi neno kwa neno kutoka tafsiri ya kisasa. Zaburi ni ya kale, haina mwenyewe wa kudai, lakini tafsiri mpya ina mwenye haki, na ruhusa ya kunukuu aya kitabuni si lazima iwe ruhusa ya kuitilia tuni na kuirekodi. Siku ya kusaini fomu unathibitisha kwamba maneno ni yako. Niliiandika upya mistari ile kwa maneno yangu, na dada akalazimika kurefusha noti mbili ili silabi ziingie.

Kizuizi kilifunguliwa baada ya mimi kufuta dai langu la 100, dada kufuta lake la 50, na wote kuwasilisha karatasi ileile yenye sahihi nne. Mama wa sauti ya kwanza hakuwa mwanachama wa chama chochote, kwa hiyo alijiunga kwanza ili apate IPI, ndipo fungu lake la 10 likaingizwa. Kwenu pia anzeni hapo: ulizeni nani kati ya watunzi wa nyimbo zile sita hana IPI bado.