Uniti za betri si lita za tangi: kwa wanaoanza kufanya kazi na magari ya umeme

Kila kijana anayekuja kujifunza kwenye gereji yetu huwa ameshayazoea magari ya petroli, na mazoea hayo ndiyo humpotosha katika wiki za mwanzo. Anapoambiwa kwamba betri ni ya kilowati-saa 40, hutafuta papo hapo ni lita ngapi, na anaposikia chaja ya kilowati 50 hudhani ni betri kubwa kidogo kuliko ile ya 40. Ninaandika haya ili wewe unayeanza uyatenganishe maneno haya kabla hujamshauri mteja, na nitatumia gari moja tu, Nissan Leaf ya kilowati-saa 40 iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2017, kwa sababu magari yaliyotumika kutoka Japani ndiyo wengi wetu tutakayokutana nayo kwanza.

Tuanze na neno ambalo tayari unalo nyumbani. Unaponunua umeme wa LUKU, unanunua uniti, na uniti moja ni kilowati-saa moja. Kwa hiyo betri ya kilowati-saa 40 ni chombo kinachobeba uniti 40, na hapo ndipo inapofanana na tangi: zote mbili ni vipimo vya kiasi kilichohifadhiwa. Kilowati pekee, bila saa, si kiasi bali ni kasi ya umeme kuingia au kutoka, kama vile mtu anavyoweza kueleza pampu ya mafuta kwa lita inazotoa kwa dakika. Chaja ya kilowati 50 haina uniti 50 ndani yake. Ikifanya kazi kwa nguvu zake zote kwa saa nzima, ndipo itakuwa imetoa uniti 50.

Sasa linganisha ukubwa wa vyombo vyenyewe. Lita moja ya petroli ina nishati inayokaribia uniti 9, kwa hiyo tangi la lita 45 limebeba takriban uniti 400, ilhali betri yetu ya uniti 40 ina nishati ya lita nne na nusu tu. Mwanafunzi akiona hesabu hii kwa mara ya kwanza huuliza gari linawezaje kutoka Kariakoo hata kufika Kibaha. Jibu ni kwamba injini ya petroli hutupa sehemu kubwa ya nishati yake kama joto kupitia rejeta na ekzosi, mara nyingi zaidi ya robo tatu ikiwa mjini, wakati mota ya umeme hufikisha sehemu kubwa ya uniti zake kwenye magurudumu. Betri, kwa hiyo, ni tangi dogo lisilo na upotevu mkubwa. Ukilishika hilo utaelewa mengine yote, kwa sababu katika gari la petroli upotevu wa injini ni mkubwa kiasi kwamba kiyoyozi, mlima au mwendo wa haraka havionekani sana kwenye mafuta, lakini katika tangi dogo kila kijiko kinachochotwa kinaonekana.

Hapa ndipo linapoingia neno masafa, yaani umbali ambao gari linaweza kwenda kwa chaji moja. Masafa si sifa ya betri peke yake. Ni uniti zilizomo zikigawanywa kwa uniti zinazotumika kwa kila kilomita. Leaf hiyohiyo ya uniti 40 ilitangazwa Japani kwa kilomita 400 kwa kipimo cha JC08, Ulaya kwa kilomita 270 kwa kipimo cha WLTP, na Marekani kwa maili 151, sawa na kilomita 243, kwa kipimo cha EPA. Betri ni ileile na mota ni ileile. Kilichobadilika ni namna gari lilivyoendeshwa kwenye jaribio. JC08 ulikuwa mwendo wa mjini wenye kusimamasimama, wastani wake ukiwa kama kilomita 24 kwa saa, na mwendo wa namna hiyo unalifaa sana gari la umeme, kwa kuwa upepo haulipingi sana na kila likipunguza mwendo mota hurudisha sehemu ya umeme kwenye betri. Muuzaji anayesoma karatasi ya Kijapani atakuambia 400 bila kusema uongo, lakini hakuna mtu anayesafiri kwenda mkoani kwa kilomita 24 kwa saa.

Angalia pia kwamba mazoea ya petroli hapa yanageuka kinyume. Dereva wa petroli anajua kwamba gari hula zaidi kwenye foleni ya Ubungo kuliko kwenye barabara kuu iliyo wazi. Gari la umeme hula kidogo kwenye foleni na zaidi kwenye barabara kuu, kwa sababu mota ikisimama haitumii kitu, isipokuwa kiyoyozi kimewashwa, na kwa sababu ukinzani wa hewa hukua upesi kuliko mwendo wenyewe. Mteja akikuambia kwamba gari lake linafika kilomita 230 mjini, usimwahidi 230 za safari.

Kosa lililonifundisha zaidi lilikuwa la mteja wetu mmoja, ingawa nalihesabu kuwa langu pia kwa sababu nililikagua gari lake na sikumuuliza anakwenda wapi. Alikuwa na Leaf ya uniti 40 iliyotumika, muuzaji akamhakikishia kilomita 400, naye akaondoka Dar es Salaam asubuhi kwenda Morogoro, umbali wa takriban kilomita 190, dashibodi ikionyesha asilimia 100. Aliishiwa umeme maeneo ya Mikese, kilomita kama 30 kabla ya kufika. Aliporudi, akiwa amebebwa na gari la kuvuta, alikuwa na hakika kwamba betri ni mbovu.

Betri haikuwa mbovu, ilikuwa imezeeka. Tulipoisoma kwa programu ya LeafSpy, kipimo cha SOH kilikuwa asilimia 82, maana yake ni kwamba tangi lililotoka kiwandani na uniti 40 sasa linabeba kama 33. Hili halina mfano kwenye petroli, kwani tangi la lita 45 hubaki la lita 45 hata gari likifika miaka 20. Na asilimia 100 ya dashibodi ni asilimia 100 ya kile kilichobaki, si ya kile kilichokuwepo. Dalili yake ilikuwa mbele ya macho: pembeni mwa kipimo cha chaji Leaf ina vijistari vidogo 12 vya afya ya betri, na cha kwanza huzimika baada ya kupotea takriban asilimia 15. Gari lake lilikuwa na 11. Mnunuzi asiyejua hudhani ni mapambo.

Fanya hesabu pamoja nami. Kati ya uniti 33, sehemu ndogo hufungwa na kompyuta ya gari ili betri isikaushwe kabisa, kwa hiyo tuchukue 31 za kutumia. Alikuwa akienda kilomita 100 kwa saa huku kiyoyozi kikiwaka, na kwa mwendo huo Leaf hutumia kama uniti 18 kwa kila kilomita 100. Tena Morogoro iko juu ya bahari kwa takriban mita 500. Kulipandisha gari la tani 1.8 pamoja na abiria kwa kimo hicho kunahitaji karibu uniti mbili na nusu, jambo ambalo dereva wa petroli hawezi kulihisi kwa sababu barabara yenyewe inaonekana tambarare. Kilomita 160 kwa uniti 18 ni uniti 29, ukiongeza karibu mbili za mpando unapata 31. Gari lilizimika palepale hesabu iliposema lingezimika.

Baada ya hapo mteja aliuliza swali zuri: kwa nini basi asingechaji njiani kama mtu anavyoongeza mafuta? Jibu lake ndilo kasi ya kuchaji. Pampu ya petroli ikitoa lita 35 kwa dakika, kwa gari la kilomita 12 kwa lita, inakupa kilomita 420 kwa dakika moja. Soketi ya nyumba ya kulala wageni yenye volti 230, ukivuta ampea 10, inatoa kilowati 2.3, na baada ya upotevu wa kubadili umeme kinachoingia kwenye betri ni kama 2, yaani kilomita 12 au 13 kwa saa. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba haifai hata kuziita kwa jina moja.

Katikati ya hizo mbili kuna chaja za kasi, na hapo usiiamini namba iliyoandikwa kwenye nguzo. Kasi halisi ni ile ndogo kuliko zote kati ya uwezo wa nguzo, uwezo wa gari, na hali ya betri kwa wakati huo. Umeme wa mkondo geu hupitia chaja iliyomo ndani ya gari, na kwa Leaf za Japani hiyo ni ya kilowati 3 au 6. Ukiichomeka kwenye nguzo ya kilowati 22, bado itavuta 3 au 6. Umeme wa mkondo mnyoofu huingia betrini moja kwa moja kupitia plagi ya CHAdeMO, na hapo Leaf inaweza kukaribia kilowati 45, lakini betri ikishavuka nusu kasi huanza kushuka, na ikivuka asilimia 80 hushuka sana. Aidha, betri ya gari hili haipozwi kwa maji, kwa hiyo baada ya safari ndefu ya barabara kuu kwenye joto la Pwani, kompyuta huibana chaji ili kuilinda. Ukiona nguzo nzima inatoa kilowati 20 tu, angalia kwanza kipimo cha joto la betri kwenye dashibodi kabla ya kumlaumu mwenye kituo.

Jambo moja dogo la nyumbani: kuijaza betri hii kutoka asilimia 20 hadi 100 kunaingiza uniti 26, lakini mita ya LUKU itakata karibu 30, tofauti ikiwa joto la chaja. Mteja aliye kwenye kundi la D1, ambalo ni la wenye matumizi yasiyozidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi, atatoka kwenye kundi hilo kwa kujaza mara tatu tu. Mweleze mapema.

Mteja wetu alirudia safari ileile wiki mbili baadaye kwa gari lilelile. Alikwenda kilomita 75 kwa saa, mwendo ambao ulimshushia matumizi hadi uniti 14 kwa kilomita 100, akapata chakula cha mchana Chalinze huku gari likiwa kwenye soketi ya hoteli kwa saa mbili na kuongeza uniti kama nne, na akaingia Morogoro akiwa bado na uniti zipatazo sita.